Kitambala mlangoni pa egzamen: msimamizi anahitaji kuona nini hasa?

"Mama, binti yangu yuko sizieme hapa Lubumbashi na mwaka huu anafanya Egzeta. Mwaka jana mtoto wa dada yangu alivuliwa hijabu mlangoni pa senta mbele ya wavulana. Walimwambia lazima waone nywele ndipo wajue kama ni yeye, na kwamba chini ya kitambala watu wanaficha ekutere. Aliingia analia na siku hiyo yote ikamharibikia. Baba ya binti yangu anasema wetu hakuna atakayemgusa. Mimi naogopa asije akarudishwa nyumbani. Wana haki hao? Binti avue, akatae, au abebe barua ya imamu?"

Mama yangu, nimesimama kwenye milango ya senta za Egzeta kwa miaka mingi, kwanza kama msimamizi, baadaye kama shefu wa senta, na sasa ninawafundisha wanaosimama pale. Msimamizi ana haki ya mambo mawili: auone uso wa binti yako vizuri, na ahakikishe kwamba masikioni na mwilini mwake hamna chombo. Nywele hazimo katika hayo mawili. Yote mawili yanaweza kufanywa pembeni, na mwanamke, kwa muda usiozidi dakika mbili. Kwa hiyo walichomfanyia mtoto wa dada yako hakikuwa cha lazima. Baba naye, akishikilia kwamba binti asitazamwe wala asikaguliwe kabisa, atamfikisha mlangoni akiwa hana jibu la kutoa, kwa sababu ukaguzi wenyewe ni wa haki na unawahusu watahiniwa wote.

Ugomvi mwingi ninaouona mlangoni unatoka hapa: watu wanachanganya maswali mawili wakayafanya moja. Swali la kwanza ni "Huyu ni nani?" Swali la pili ni "Amebeba nini?" La kwanza linajibiwa na uso na karatasi yenye picha. La pili linajibiwa na masikio, shingo, mikono na mifuko. Msimamizi aliyechoka, mwenye watoto mia tatu mbele yake na mlango mmoja, anaona kitambala kama kifuniko cha maswali yote mawili, basi anasema, "Vua." Neno hilo moja linamwondolea kazi ya kufikiri, lakini halimpi jibu zuri la swali la kwanza wala la pili.

Nianze na swali la kwanza, kwa sababu ndilo linalowapotosha hata watu wenye nia njema.

Tunapomjua mtu, tunamtambua kwa macho, pua, mdomo na namna anavyocheka. Mama anamtambua mwanawe hata akiwa amenyoa kichwa au amevaa kofia hadi kwenye nyusi. Mtu tusiyemjua tunamwangalia kwa njia nyingine: akili inakamata kilicho kikubwa na cha nje, yaani nywele, umbo la kichwa, mstari wa juu ya paji la uso. Watafiti wa saikolojia wamelipima jambo hili kwa miaka mingi, na linarudi vilevile. Ndiyo maana msimamizi ambaye hajawahi kumwona binti yako anahisi kwa dhati kwamba bila nywele hawezi kujua. Hasemi uongo, anasema anavyohisi. Tatizo ni kwamba nywele ndizo zinazodanganya kuliko kitu kingine chochote usoni. Leo binti amesuka, kesho amevaa perike, wiki ijayo amenyoa. Dada mkubwa anayetaka kumfanyia mdogo wake egzamen anaanza hapohapo: anasuka nywele kama zile za kwenye picha.

Hata macho yaliyozoea kazi hii yanakosea. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa maofisa wa pasipoti wa Australia, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kulinganisha uso na picha. Waliwekewa mtu aliyesimama mbele yao na picha ya mtu mwingine anayefanana naye, na katika majaribio 14 kati ya kila 100 ya namna hiyo waliipokea picha ile kuwa ni yake. Na hao walikuwa wanaona nywele. Nawaambia wasimamizi wangu: ukitaka kupunguza makosa, weka kidole juu ya nywele zilizo kwenye picha, uzifunike, kisha linganisha kipande kwa kipande. Macho yameachana kiasi gani? Pua imeishia vipi chini? Kuna kovu, kuna alama ya kuzaliwa, kidevu kina umbo gani? Kitambala kilichofungwa vizuri kinakufanyia kazi ya kile kidole.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mlangoni hawalifikirii. Kama binti yako alipigwa picha ya karte ya mwanafunzi akiwa na hijabu, ukimvua ukamlinganisha na picha ile umejiongezea ugumu. Sasa una kichwa wazi upande mmoja na kichwa kilichofunikwa upande wa pili. Nimeona msimamizi akimkatalia msichana kwa sababu hiyo: alimvua mwenyewe, kisha akasema hafanani na picha. Tulimrudishia kitambala, tukamsimamisha penye mwanga, na kila mtu akaona ni yeye.

Hata kanuni za kimataifa za picha za pasipoti, zile za shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa ambazo nchi nyingi zinazifuata, zinakubali kitambaa cha kichwa kwa sababu ya dini. Sharti ni uso uonekane kuanzia chini ya kidevu hadi juu ya paji, na kingo mbili za uso zionekane. Kama mpaka wa nchi unaridhika na uso huo, mlango wa egzamen hauna sababu ya kutaka zaidi ili kumjua mtu.

Nikabu ni jambo tofauti, na sitakuficha. Uso ukiwa umefunikwa hakuna utambulisho, na hakuna shefu wa senta atakayekubali, wala mimi nisingekubali. Uso utafunuliwa. Kinachojadiliwa ni mbele ya nani. Huko Uingereza mwongozo wa pamoja wa bodi za mitihani unasema wazi: mtahiniwa aliyefunika uso aendewe na mfanyakazi wa jinsia yake, apelekwe chumba cha faragha, aombwe kwa adabu afunue atambuliwe, kisha ajifunike tena na aendelee na mtihani wake kama kawaida.

Sasa swali la pili, la chombo. Hapa msimamizi ana sababu ya kweli ya kuwa na wasiwasi, na mzazi anapaswa kuielewa.

Ekutere ndogo inayotumika kudanganya ina ukubwa wa punje ya maharagwe au hata chini ya hapo, na inaingia ndani kabisa ya tundu la sikio. Haina waya. Lakini peke yake haifanyi kitu. Inapokea sauti kutoka kwenye mshipi mwembamba wa waya unaozungushwa shingoni chini ya nguo, na mshipi huo umeunganishwa na simu. Kwa hiyo kuna vipande vitatu: punje sikioni, waya shingoni, simu mahali fulani mwilini. Ukikosa cha sikioni, bado una nafasi mbili za kumkamata, na simu ni kubwa kuliko vyote. Anayekagua kitambala peke yake na kuacha kiuno, mgongo na soksi amekagua kipande kidogo kuliko vyote na kuacha vikubwa.

India walilijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2015 mtihani wao wa taifa wa kuingia masomo ya udaktari ulifutwa na Mahakama ya Juu kabisa ya nchi baada ya kugundulika kwamba majibu yalipitishwa kwa simu. Vyombo vilivyokamatwa vilikuwa vimeshonewa ndani ya vesti, zile fulana za ndani za wanaume, pamoja na ekutere ndogo. Mtihani uliporudiwa, amri kali za mavazi zikatoka, na vitambala vikaguswa. Wasichana wawili wa Kiislamu walikwenda Mahakama Kuu ya jimbo la Kerala. Jaji akawaruhusu kuvaa hijabu kwa sharti kwamba wafike senta nusu saa kabla, wakaguliwe na msimamizi mwanamke. Siku chache baadaye Mahakama ya Juu kabisa ilikataa ombi la jumla la kuibadilisha ile amri ya mavazi, kwa hiyo usidhani jambo hili lilikwisha kwa urahisi. Ila mwaka uliofuata mahakama ya Kerala ilirudia uamuzi wa namna ileile, na mtindo wa kufika mapema na kukaguliwa na mwanamke ukaingia katika maelekezo ya mtihani wenyewe. Nimeueleza mfano huu kwa sababu ndio ninaofundishia: fika mapema, kaguliwa na mwanamke, ingia na kitambala chako.

Hapa kwetu Lubumbashi kuna kipimo rahisi cha kujua kama ukaguzi ni wa haki. Egzeta inaangukia wakati wa baridi. Asubuhi watoto wanafika wamejifunika pulovere, wengine na kofia za sufu hadi masikioni. Wasichana wengi wana perike au nywele za kusuka zinazoshuka mashavuni. Simama mlangoni uangalie. Kama msichana mwenye perike ndefu inayofunika masikio anapita, na mwenye kitambala anasimamishwa, basi pale hawatafuti ekutere. Kanuni ninayoifundisha ni moja kwa wote: masikio mawili yaonekane kwa mkaguzi wa jinsia yako. Mwenye perike ainyanyue, mwenye kofia aivute nyuma, mwenye kitambala alegeze. Sista mwenye veli yake naye alegeze, na msichana wa familia ya Bapostolo mwenye kitambala cheupe vilevile. Kanuni ikiwa ya masikio haimwonei mtu. Ikiwa ya vitambala inawalenga watu wa imani fulani.

Nikuonyeshe jinsi inavyofanyika mikononi mwa mtu anayeijua kazi. Binti anaitwa pembeni, kwenye darasa lililo karibu na mlango, au nyuma ya pazia la pagne lililofungwa kwenye misumari miwili, kama hakuna darasa. Ndani kuna wanawake wawili, mmoja anakagua na mwingine ni shahidi, kwa usalama wa binti na wa mkaguzi pia. Mkaguzi anamwambia kwanza atakalofanya. Kisha binti mwenyewe, kwa mkono wake, analegeza kitambala upande wa kulia, mkaguzi anatazama tundu la sikio kwa mwanga wa tochi, anarudisha. Upande wa kushoto vilevile. Mkaguzi anapitisha viganja vyake juu ya kitambala, kuanzia utosini hadi kisogoni, bila kukivua. Kisha anapitisha vidole viwili ndani ya ukosi wa shati kuzunguka shingo, pale ambapo ule mshipi wa waya hukaa. Halafu kiuno, mikono, vifundo vya miguu. Binti anajifunga tena mbele ya kioo kidogo, kama kipo, anatoka. Kwa mtu aliyezoea ni dakika moja na nusu.

Fanya hesabu. Senta ikiwa na wasichana sita wenye vitambala, hiyo ni dakika tisa. Gharama yote ya kumhifadhia msichana heshima yake ni dakika tisa, chumba kimoja na wanawake wawili. Ninapokutana na mashefu wa senta ninawaandikia hesabu hiyo ubaoni, kwa sababu wengi wanadhani wanaombwa kusimamisha egzamen nzima.

Usisahau mlango wa pili, ule wa kwenda chooni na kurudi. Mtu anayeficha simu mara nyingi haiingizi asubuhi wakati macho yote yako mlangoni. Anaikuta chooni. Basi binti yako akitoka wakati wa egzamen, atakaguliwa tena kwa namna ileile, na asione kwamba anaonewa. Asiyemwambia mtoto jambo hili mapema anamwacha ashtuke katikati ya kazi.

Kuhusu haki, mama, shika mambo mawili ya Katiba yetu ya mwaka 2006. Kifungu cha 22 kinampa kila mtu uhuru wa dini, na wa kuionyesha dini hiyo, kwa sharti la kuheshimu sheria, utulivu wa umma, maadili mema na haki za wengine. Kifungu cha 45 kinasema watu wanaingia katika shule za taifa bila kubaguliwa kwa dini. Ukivisoma pamoja utaona kwa nini baba na msimamizi kila mmoja ana nusu ya ukweli. Haki za wengine zimo: mtoto aliyekesha akisoma ana haki ya kutoibiwa na anayesomewa majibu sikioni. Kwa hiyo ukaguzi unaruhusiwa. Lakini ukaguzi unaochagua njia ya kudhalilisha wakati njia ya heshima ipo palepale, kwa dakika moja na nusu, hauna pa kuegemea katika maneno hayo.

Watu watakuambia kwamba mavazi ya shule ni bulu na nyeupe, na kwamba kitambala kinavunja kanuni ya mavazi. Usiingie katika ubishi huo mlangoni. Nenda na kitambala cheupe kisichokuwa na maua wala kung'aa, kinachoendana na shati. Umewaondolea neno. Nchini mwetu kuna hata shule za Kiislamu zilizo ndani ya mfumo wa serikali kwa makubaliano, kama zilivyo za Kikatoliki, za Kiprotestanti na za Kikimbangu, na watahiniwa wao wanakaa Egzeta ileile. Shefu wa senta hakutani na hijabu kwa mara ya kwanza.

Barua ya imamu haidhuru, ila haifungui mlango. Msimamizi hana mamlaka ya kuipokea, na ukimpa mbele ya watu anaona unamletea dini kazini, anakaza shingo. Kinachofungua mlango ni makubaliano yaliyofanywa kabla. Wiki mbili kabla ya egzamen, nenda wewe mwenyewe kwa prefe wa shule. Usimtume mtoto. Mwambie hivi, kwa sauti ya chini: "Mwanangu anavaa kitambala. Tunakubali akaguliwe kila siku. Tunaomba akaguliwe na mwanamke, pembeni, na yuko tayari kufika nusu saa kabla." Maneno "tunakubali akaguliwe" yatangulie. Nimeona nyuso za watu wazima zikilegea kwa sababu ya maneno hayo. Omba prefe aliandike kwenye karatasi fupi yenye muhuri wa shule na alipeleke kwa shefu wa senta, pamoja na majina ya wasichana wote wa namna hiyo. Wakiwa sita katika karatasi moja, shefu atapanga mwanamke. Akifika mmoja peke yake asubuhi, atapangiwa aliyepo, na aliyepo anaweza kuwa mwanaume.

Hapohapo angalia picha. Kama picha ya karte ya mwanafunzi ni ya miaka mitatu nyuma, ya msichana mwenye kichwa wazi na mashavu ya utoto, omba ibadilishwe. Picha mpya ipigwe na kitambala kilichofungwa kama atakavyofunga siku hiyo, paji lote wazi, pasiwe na kivuli cha kitambaa usoni. Kivuli hicho ndicho kinachofanya picha nyingi zisifae. Kama binti yako hajafika umri wa kupata karte ya uchaguzi, ile ya shule ndiyo atakayoishika mkononi. Iwe nzuri.

Na kitambala chenyewe. Kiwe chepesi, kipande kimoja cha kuvuta kichwani, bila pini. Pini ni chuma, na kifaa cha kupimia chuma kikipiga kelele kichwani hakuna atakayeuliza ni pini au ni nini. Kiwe kinalegea na kurudi bila kuhitaji mtu wa kusaidia. Kile cha kuzungusha mara tatu na kubana pini sita ni kizuri kwa harusi, lakini kwenye baridi ya asubuhi, na mikono inayotetemeka, kitamchukua dakika kumi kukifunga tena.

Sehemu ya dini naisema kwa adabu, kwa sababu mimi si mwanachuoni. Wanawake Waislamu niliofanya nao kazi wengi hawaoni shida kuonyesha masikio na nywele kwa mwanamke mwenzao. Lakini wapo wanaofuata rai kwamba maneno "wanawake wao" katika Sura ya 24, aya ya 31, yanamaanisha wanawake Waislamu tu, na kwa hao mkaguzi Mkristo ni tatizo. Kama nyumbani kwenu mnaishika rai hiyo, mwambieni prefe mapema. Kumpata msimamizi mwanamke Mwislamu kunawezekana kwa siku kumi na nne, hakuwezekani kwa dakika tano. Swali la nini kinaruhusiwa wakati wa dharura mpelekeeni imamu mnayemwamini, sasa, baba akiwepo. Hapo ndipo imamu anasaidia kweli, kuliko kwenye barua.

Na ikiwa, pamoja na yote hayo, mlangoni wakasema "Vua hapa"? Mfundishe binti maneno mawili tu: "Ninakubali kukaguliwa. Naomba mwanamke, pembeni, au shefu wa senta." Ayarudie bila kupandisha sauti, asivutane, asimguse mtu. Mara nyingi shefu akija jambo linaisha. Shefu naye akikataa, binti amebaki na njia mbili, na zote zinauma. Akivua, ameingia, egzamen yake iko salama, na mtaandika malalamiko baadaye. Akikataa, anaweza kupoteza siku, na Egzeta ni siku nne, siku moja ikipotea inaburuta nyingine. Mimi ningemwambia wa kwangu aingie, na mimi nipambane kuanzia jioni hiyo. Lakini huyo si wangu. Amueni pamoja naye nyumbani, kabla, naye aseme kwanza. Msichana wa miaka kumi na saba asiachiwe kuamua jambo hilo peke yake mlangoni huku foleni ikimsukuma mgongoni.

Jioni hiyohiyo aandike kwa mkono wake: saa, mahali, nani alisema nini, nani aliona. Mashahidi wawili watie saini. Peleka nakala kwa prefe, kwa shefu wa senta, na kwa enspeksyo ya jimbo, na kila unapoipeleka omba muhuri wa kupokelewa. Mtoto wa dada yako naye bado anaweza kuandika ya mwaka jana. Matokeo hayatabadilika, lakini karatasi hiyo ndiyo itakayomfanya shefu wa mwaka huu apange mwanamke.

Kuna hali moja ambayo barua hazitoshi. Mwanaume akimshika binti mwilini kwa kisingizio cha ukaguzi, au mtu yeyote akimtaka avue zaidi ya kitambala, hilo limeshatoka katika mambo ya egzamen. Hapo nenda siku hiyohiyo kwa avoka, au kwa moja ya ofisi za msaada wa kisheria kwa wanawake mjini, binti akiwa pamoja nawe na akisindikizwa na mtu anayemwamini. Na ukiona siku zinapita hali chakula, haongei, anaamka usiku, mpeleke kwa daktari au kwa mshauri wa mambo ya akili, hata kama egzamen imeisha na watu wanasema amezidisha.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza fanya naye zoezi. Mvalishe kama atakavyokwenda, pulovere na yote. Keti mbele yake na tochi ya simu, muombe alegeze kulia, arudishe, alegeze kushoto, arudishe. Hesabu sekunde. Kama kitambala kinamtoka chote akigusa upande mmoja, badilisheni usiku huohuo, kingine kiwe kimeshafuliwa na kukauka.